Simu inajibofya yenyewe: ni kioo, ni unyevu, au ni chaja?

Wanaoleta simu inayojibofya yenyewe huja na hukumu mkononi. "Imeingiwa na virusi." "Kuna mtu ameidukua." "Tachi imekufa, fundi, nibadilishie kioo." Virusi na wadukuzi mara nyingi hawahusiki kabisa. Kioo ndicho kinachoonewa zaidi: hubadilishwa, pesa hulipwa, na baada ya siku mbili simu inajibofya vilevile, kwa sababu chaja iliyokuwa ikisababisha yote bado iko ukutani.

Sababu tatu zinabeba sehemu kubwa ya malalamiko haya: kioo kilichopasuka, unyevu, na chaja duni. Ukiitazama simu juujuu zinafanana, maana zote hufungua programu usizozitaka, huandika herufi za ovyo na huwapigia watu usiku. Lakini kila moja ina tabia yake. Kioo kilichopasuka hubofya mahali palepale. Unyevu huhamahama, na hali yake hubadilika kadiri saa zinavyopita. Chaja duni hubofya ikiwa imechomekwa tu, na kwa kawaida pale tu kidole chako kinapokuwa juu ya skrini. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "imeharibika nini?", uliza inabofya lini, na wapi.

Kabla ya kupima chochote

Simu inayojibofya inaweza kukufungia nje. Mabofyo yakiangukia kwenye namba za siri, simu inahesabu makosa. Kwenye iPhone iliyowashwa chaguo la `Erase Data`, makosa 10 yanafuta kila kitu. Kwa hiyo ukiona imeanza, zima skrini kwa kitufe cha pembeni, chomoa chaja, na usiiache mezani ikiwaka. Ikitulia hata kwa dakika chache, tumia nafasi hiyo kuhifadhi picha na namba zako kwanza, upimaji ufuate baadaye. Wengi hufanya kinyume, na simu ikikata kauli kabisa ndipo wanakumbuka picha.

Pengine umeona kwamba kuzima skrini na kuiwasha tena hutuliza mabofyo kwa muda. Hiyo haimaanishi simu imepona. Tachi ya simu za leo haipimi mgandamizo wa kidole, inapima umeme. Chini ya kioo kuna wavu wa mistari myembamba isiyoonekana, mingine wima na mingine mlalo, na kidole kikikaribia makutano ya mistari kinapunguza kidogo sana chaji iliyopo pale. Chipu ya tachi huweka kumbukumbu ya jinsi wavu unavyosomeka ukiwa hauna kidole, kisha hulinganisha kila usomaji mpya na kumbukumbu hiyo, mara nyingi kila sekunde. Skrini inapowashwa upya, chipu hupata nafasi ya kuchukua kumbukumbu mpya. Kama mstari mmoja umeharibika, kumbukumbu mpya inauhesabu ubovu huo kuwa hali ya kawaida, na mabofyo yanatulia hadi usomaji wa mstari huo upotoke tena. Ndiyo maana kuwasha na kuzima si dawa. Sana sana kunakupa dakika za kuhifadhi vitu vyako.

Yaone mabofyo kwa macho

Kwenye Android kuna kipimo kizuri ambacho hakihitaji kupakua programu yoyote. Ingia `Settings`, kisha `About phone`, bofya `Build number` mara saba, na menyu ya `Developer options` itafunguka. Kwenye Samsung, `Build number` imejificha ndani ya `Software information`. Humo ndani washa `Pointer location`. Kuanzia hapo kila mguso utachorwa kama mistari miwili inayokatana, pamoja na njia uliyopita, na juu kabisa utaona herufi P na namba mbili. Namba ya kwanza ni idadi ya vidole ambavyo simu inaamini viko kwenye skrini sasa hivi. Ukiweka kidole kimoja na namba ikaruka hadi 2 au 3, hao ni wageni wasioalikwa.

Kwenye iPhone hakuna menyu hiyo. Fungua `Notes`, ingia sehemu ya kuchora kwa kidole, kisha uiache. Vidoti na mistari ambayo hukuichora wewe itabaki pale kama ushahidi.

Kipimo chenyewe kina hatua tatu, na mpangilio una maana. Kwanza vua kava, futa skrini kwa kitambaa laini kikavu, ilaze simu kwenye meza ya mbao bila chaja, na uitazame kwa dakika tano bila kuigusa. Kisha chomeka chaja na utazame dakika nyingine tano, bado bila kuigusa. Mwisho, chaja ikiwa imechomekwa, weka kidole kimoja katikati ya skrini na ukitulize kwa nusu dakika, halafu kisogeze polepole juu na chini. Andika kilichotokea katika kila hatua. Kumbukumbu ya kichwani hudanganya, hasa ikiwa umeshaamua mapema nani mwenye kosa.

Dalili: inabofya ikiwa kwenye chaja tu

Hapa ndipo kioo kinapoonewa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kama hatua ya kwanza na ya pili ni safi, lakini ya tatu inaleta vurugu, sababu inayowezekana zaidi ni kichwa cha chaja. Alama yake ni hii: mabofyo ya uongo hujipanga kwenye mstari mmoja na kidole chako. Kidole kiko katikati, na misalaba inaruka juu na chini yake, au kushoto na kulia, kama shanga kwenye uzi. Ukiondoa kidole, kimya. Kioo kilichopasuka hakina sababu ya kufuata kidole chako namna hiyo.

Kwa nini kidole? Ndani ya chaja, umeme wa ukutani hukatwakatwa maelfu ya mara kwa sekunde na kupitishwa kwenye transfoma ndogo ili ushuke hadi volti 5 au 9. Kelele ya kiumeme ya kukatakata huko huvuka transfoma na kuifanya simu nzima ipande na kushuka kiumeme ikilinganishwa na ardhi. Simu ikiwa peke yake mezani haijali, kwa sababu kila kilichomo ndani yake kinapanda na kushuka pamoja. Lakini wewe umesimama juu ya ardhi. Kidole chako kikigusa kioo, kelele inapata njia ya kupita, na inapita kwenye mstari uleule wa wavu ambao kidole kinaugusa. Chipu inaona mtikisiko kwenye mstari mzima na kuutafsiri kama vidole vingi.

Chaja iliyotengenezwa vizuri ina kapasita ndogo ya usalama, mafundi huiita kapasita ya Y, inayoirudisha kelele hiyo ilikotoka. Kwenye chaja za bei ya kutupa, kapasita hiyo haipo, au imewekwa ya kawaida badala yake. La pili ni baya zaidi. Kapasita ya Y imeundwa ili ikifa, njia ikatike. Ya kawaida inaweza kufa kwa kuunganisha njia, na hapo umeme wa ukutani unakuwa na barabara ya kuufikia waya unaoushika mkononi. Kwa hiyo chaja inayosababisha mabofyo si kero ya skrini peke yake. Inakupa pia habari za jinsi ilivyotengenezwa ndani.

Uhakiki ni rahisi: badilisha kitu kimoja kwa wakati. Rudia hatua ya tatu ukitumia pawabenki ambayo yenyewe haijachomekwa ukutani, kwa waya uleule. Pawabenki haina uhusiano wowote na umeme wa ukutani, hivyo kelele ya aina hii haiwezi kutoka kwake. Ikiwa mabofyo yametoweka, waya na simu vimeondolewa lawama, na kosa liko kati ya soketi na kichwa cha chaja. Sasa jaribu kichwa kingine, kile kilichokuja na simu au cha mtengenezaji anayeaminika, kwenye soketi ileile. Kikiwa safi, umempata mhalifu.

Kipo pia kipimo cha sekunde mbili. Mabofyo yakiendelea, kamata fremu ya chuma ya simu kwa mkono wa pili. Kama yanapungua ghafla, chaja inazidi kushukiwa, kwa sababu sasa wewe na simu mnapanda na kushuka pamoja. Lakini kifanye tu kama hujawahi kuhisi mshtuko kutoka kwenye simu hiyo.

Sababu inayofuata, si ya mara nyingi sana, ni chanzo cha umeme. Chaja nzima inaweza kuleta mabofyo ikichomekwa kwenye inveta ya bei rahisi ambayo mawimbi yake ni ya pembe badala ya kupanda na kushuka taratibu. Hamia soketi ya kawaida ujue. Baada ya hapo njoo kwenye waya na tundu la chaja: tundu likiwa na vumbi la nguo au unyevu, chaji hukatika na kurudi, na skrini inaweza kubabaika kila inaporudi. Simu ikiwa imezimwa, ondoa vumbi kwa kijiti chembamba cha mbao, si pini wala sindano.

Sababu ya mwisho ni adimu kuliko zote, lakini ndiyo ya hatari kuliko zote: betri iliyovimba. Betri hupata joto inapochaji, hutanuka, na kuisukuma skrini kutoka nyuma. Ilaze simu kwenye meza iliyonyooka. Ikiwa inayumba kwa mgongo, au ukingo wa skrini umeinuka na kuacha ufa ambao ukucha unapita, acha kila kitu. Usiichaji, usiibonyeze irudi, usiitoboe. Zima simu, iweke mbali na vitu vinavyoshika moto, na uipeleke kwa fundi.

Simama pia kama unahisi mshtuko, kama kichwa cha chaja kina harufu ya kuungua, kinalia, au kina moto usioweza kukishika. Mwasho hafifu sana kwenye fremu ya chuma unaweza kutoka hata kwenye chaja nzima ya pini mbili, huo peke yake si ushahidi. Mwasho pamoja na mabofyo ni sababu ya kutosha ya kuiacha chaja hiyo. Wala usiifungue uone kapasita niliyoitaja. Kwenye umeme wa volti 230, kapasita kubwa iliyo ndani huhifadhi zaidi ya volti 300, na inaweza kubaki nazo hata baada ya kuchomoa.

Dalili: inabofya mahali palepale, iwe na chaja au bila

Hatua ya kwanza ya kipimo imeonyesha misalaba, na yote iko pembeni kulia chini, au kwenye ukanda mwembamba unaokatiza skrini. Ukizungusha simu, mabofyo yanabaki kwenye sehemu ileile ya kioo.

Anza na protekta, kwa sababu ndiyo sababu ya bei ndogo na ya kawaida. Protekta iliyopasuka, iliyoinuka kona au yenye vumbi na gundi iliyochakaa inaweza kuisumbua tachi, na pia inaficha hali ya kioo cha chini. Ivue yote kisha rudia kipimo. Wapo watakaoishia hapa.

Kama bado, pitisha mwanga wa tochi kwa mlalo juu ya kioo na utafute ufa, hata mwembamba kama unywele. Hapa nitoe tahadhari inayoenda kinyume na mazoea: ufa kuonekana si uthibitisho. Kwenye simu nyingi za sasa wavu wa tachi uko chini, ndani ya skrini yenyewe, na kioo cha juu ni ngao tu. Ngao inaweza kuwa imevunjika kama utando wa buibui na tachi ikawa nzima. Kinachothibitisha ni ufa na mabofyo kukutana. Ufa uko kona ya juu kushoto na mabofyo yako chini kulia? Endelea kutafuta.

Jaribio zuri ni kuchora. `Pointer location` ikiwa imewashwa, au ukiwa ndani ya `Notes`, paka skrini nzima kwa kidole kwa mistari iliyobanana, kama mtu anayepaka rangi ukuta. Mstari wa wavu uliokatika kwa kawaida huacha ukanda mfu, yaani kidole kinapita na hakuna kinachochorwa, na mabofyo ya uongo hukaa jirani na ukanda huo. Ukanda mfu na mabofyo ya jirani yake vikiwa kwenye njia ya ufa, hukumu imetoka. Mstari unaoleta mabofyo haujakatika kabisa. Unagusana na kuachana, na kila unapoachana chipu inaona badiliko inalolidhani kidole. Ndiyo maana mabofyo ya aina hii huongezeka simu ikipata joto, au ikikunjwa kidogo mfukoni.

Hakuna mpangilio wa simu unaoponya jambo hili. Kurudisha simu kwenye hali ya kiwandani kutakufutia vitu vyako na kukuachia ufa wako. Bandika mkanda mwembamba unaoona ndani juu ya ufa ili vipande visikukate na jasho lisiingie, usibonyeze sehemu hiyo, kisha tafuta fundi wa kubadilisha skrini. Mwombe jambo moja: aunganishe skrini mpya na kuipima kwa kuipaka kidole yote kabla ya kuigandisha kwa gundi. Skrini duni za badala hujibofya zenyewe zikiwa mpya kabisa, na baada ya gundi kukauka ubishi unakuwa mrefu.

Kama hakuna ufa, hakuna anguko na kioo ni kizima, kosa linaweza kuwa kwenye utepe wa nyaya unaounganisha skrini na bodi, au kwenye sehemu iliyotoka kiwandani na dosari. Hili huwapata hata wakubwa. Novemba 2018 Apple ilitangaza kubadilisha bure skrini za baadhi ya iPhone X, kwa sababu ya kipengele kilichofanya skrini isiitikie mguso, au iitikie bila kuguswa. Kwa hiyo kabla ya kulipa, angalia kama simu yako ina waranti au mpango wa aina hiyo.

Dalili: inabofya huku na kule, baada ya mvua, jasho au mvuke

Hapa kuna magonjwa mawili yenye jina moja, na lazima uyatenge. Unyevu wa juu ni usumbufu wa dakika chache. Unyevu wa ndani unaweza kuiua simu taratibu.

Wa juu ndio wa kawaida. Tone la maji lililotulia peke yake halisumbui sana, lakini likitandaa hadi kugusa fremu ya chuma au kidole chako, linakuwa kama kidole kikubwa kisicho na umbo. Jasho na maji ya chumvi ni wabaya zaidi ya maji safi kwa sababu yanapitisha umeme vizuri zaidi. Zima skrini, kausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kausha na vidole vyako, kisha vua protekta kama kuna ukungu chini yake. Mabofyo yakiisha ndani ya dakika chache na yasirudi, umemaliza.

Wa ndani una mwendo mwingine. Mara nyingi hauanzi pale simu inapolowa. Unaanza saa kadhaa baadaye, au kesho yake. Mabofyo yanaanzia eneo moja na kuhamia jingine, yanapungua asubuhi na kuongezeka simu ikipata joto. Chungulia lenzi ya kamera: ukungu ndani yake ni ushahidi wa wazi. Toa trei ya laini na umulike ndani ya tundu. Simu nyingi zina kibandiko kidogo humo kinachogeuka kutoka nyeupe kuwa chekundu kikiguswa na maji.

Ukiona mojawapo, izime simu mara moja. Maji peke yake yana subira. Maji pamoja na umeme hayana. Umeme ukipita kwenye pini zilizolowa hula metali na kuacha ukoko mweupe au wa kijani, na ukoko huo hautoki kwa kukauka. Usiichaji hata kidogo. Toa trei, futa, iweke penye hewa inayopita kwa siku moja au mbili. Usiizike kwenye mchele: Apple yenyewe inaonya kwamba chembe zake zinaweza kuidhuru simu, na mchele hauvuti maji yaliyokwama chini ya kiunganishi. Usitumie mashine ya kukaushia nywele pia, joto lake linalegeza gundi na kuyasukuma maji ndani zaidi.

Na usijitetee kwa kusema simu yako haiingii maji. Alama ya IP67 inahusu simu mpya iliyozamishwa kwenye maji safi ya kina cha mita moja kwa dakika 30. Haikuahidi chochote kuhusu kioo chenye ufa.

Ikiwa baada ya kukauka bado inabofya, mpe fundi. Kazi yake ni kuifungua, kuchomoa betri kabla ya kitu kingine chochote, na kusafisha viunganishi kwa brashi laini na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Simu ikipata moto bila sababu, au skrini ikianza kuinuka, usisubiri siku mbili.

Sababu zinapochanganyika

Mteja mmoja aliniambia, "Fundi, simu hii usiku inawapigia watu." Ilikuwa imeanguka mwezi uliopita, na ilinyeshewa wiki iliyotangulia. Alikuwa ameshanunua protekta mpya na waya mpya, na sasa alitaka kioo.

Bila chaja, mezani, dakika tano: hakuna kitu. Kwenye chaja yake, bila kugusa: hakuna kitu. Nilipoweka kidole katikati, namba ya P ikaruka hadi 4, na misalaba ikajipanga wima juu na chini ya kidole. Nikahamia pawabenki kwa waya wake uleule. Uzi wote wa shanga ukatoweka, lakini ukabaki msalaba mmoja kona ya chini kulia, uliokuja mara moja kila dakika kadhaa. Nikavua protekta mpya. Chini yake palikuwa na ufa wa urefu wa ukucha, kona hiyohiyo. Kwenye tundu la laini kibandiko kilikuwa bado cheupe, kwa hiyo mvua nikaiondolea lawama.

Chaja ilikuwa inafanya kelele, na kona iliyokwisha dhoofika ilikuwa inaisikia kuliko sehemu nyingine. Kubadilisha kioo peke yake kungemwachia uzi wa shanga kila usiku. Kubadilisha chaja peke yake kungemwachia msalaba mmoja ambao angeweza kuishi nao kwa muda. Nikamwambia anunue chaja kwanza, na kioo akipange.

Alirudi baada ya wiki sita, kona ile ikiwa imekuwa na ukanda mfu wa upana wa kidole. Nikaweka skrini mpya, nikaipaka yote kwa kidole kabla ya gundi, ikawa safi. Kisha akatoa mkobani ile chaja ya zamani, kwa sababu hakuwa ameitupa, akaniomba niijaribu. Nikaichomeka, nikaweka kidole katikati ya kioo kipya, na P ikaruka hadi 3.